Funika Kigawo, Soma Jibu

Andika kwenye karatasi sehemu hii:

(3x² − x + 10) / ((x − 1)(x − 2)(x + 3))

Weka kidole gumba juu ya mabano ya (x − 1) yasionekane kabisa. Namba inayoyageuza mabano hayo kuwa sifuri ni 1, kwa hiyo popote unapoiona x katika kile kilichobaki wazi, iweke 1. Juu unapata 3 − 1 + 10, yaani 12. Chini unapata (1 − 2) mara (1 + 3), yaani −4. Gawa 12 kwa −4, upate −3. Iandike pembeni.

Hamishia kidole kwenye (x − 2). Sasa x ni 2. Juu ni 12 − 2 + 10, yaani 20. Chini ni (2 − 1) mara (2 + 3), yaani 5. Jibu ni 4. Mwisho funika (x + 3), ambayo huwa sifuri x ikiwa −3. Juu ni 27 + 3 + 10, yaani 40. Chini ni −4 mara −5, yaani 20. Jibu ni 2.

Kazi imekwisha. Namba hizo tatu zinatuambia kwamba ile sehemu kubwa si kitu kingine ila jumla ya vijisehemu vitatu vyepesi:

−3/(x − 1) + 4/(x − 2) + 2/(x + 3)

Ukitaka kuhakikisha, chagua namba yoyote ambayo hukuitumia. Sifuri ndiyo rahisi kuliko zote. Sehemu ya mwanzo inatoa 10 gawa kwa 6, yaani 5/3. Vijisehemu vinatoa 3, kisha −2, kisha 2/3, na jumla yake ni 5/3. Zimelingana.

Mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita anayesoma hisabati ya juu anaijua kazi hii, maana hukutana nayo kwenye aljebra, kisha huirudia kwenye kalkulasi anapotakiwa kutafuta eneo chini ya mchoro. Sehemu yenye mabano matatu chini haina njia ya moja kwa moja ya kutafutiwa intigrali. Kijisehemu chenye mabano mamoja tu ni jambo la mstari mmoja, kwa sababu intigrali yake ni logi asilia. Ndiyo maana tunavunja: jibu la swali zima linakuwa −3 mara logi ya (x − 1), ongeza 4 mara logi ya (x − 2), ongeza 2 mara logi ya (x + 3), na ile namba isiyobadilika ya mwishoni. Hesabu iliyoonekana nzito imekuwa ya kuandika tu.

Njia ambayo wengi hufundishwa kwanza ni ndefu zaidi. Namba za juu tusizozijua tunaziita A, B na C, tunazidisha kila kitu kwa mabano yote matatu, tunafungua mabano, kisha tunalinganisha upande wa kushoto na wa kulia: namba iliyo mbele ya x² huku na kule, namba iliyo mbele ya x, na namba iliyosimama peke yake. Katika mfano wetu tunapata milinganyo mitatu:

A + B + C = 3
A + 2B − 3C = −1
−6A − 3B + 2C = 10

Milinganyo hii inatatulika, na jibu ni lile lile. Lakini kila hatua ina alama ya kutoa inayosubiri kusahauliwa, na kosa moja kwenye mstari wa kwanza linaziharibu namba zote tatu kwa pamoja. Njia ya kufunika haina tatizo hilo. Kila namba inatafutwa peke yake. Ukikosea B, A na C zinabaki salama, na jaribio la kuweka sifuri litakuonyesha kwamba kuna mahali pameharibika.

Hata hivyo mwanafunzi makini ana haki ya kukunja uso. Chini ya sehemu yetu kuna (x − 1). Tukiweka x kuwa 1, chini panakuwa sifuri, na tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba kugawa kwa sifuri hakuna maana. Sisi tumekwenda moja kwa moja mahali palipokatazwa, tukaficha kosa kwa kidole, tukatoka na jibu sahihi. Mwalimu anayejibu kwamba "ndivyo inavyofanyika" hajajibu swali, na nadhani hapa ndipo njia hii inapofundishwa vibaya mara nyingi. Inatolewa kama ujanja wa mtihani, wakati kila kinachotokea ndani yake kinaelezeka kwa aljebra ya kawaida.

Siri ni kwamba kidole hakifichi, kinazidisha. Anza na usawa tunaoutafuta:

(3x² − x + 10) / ((x − 1)(x − 2)(x + 3)) = A/(x − 1) + B/(x − 2) + C/(x + 3)

Zidisha pande zote mbili kwa (x − 1). Upande wa kushoto, (x − 1) ya juu na ya chini zinafutana. Kilichobaki ni kile tu unachokiona baada ya kufunika kwa kidole. Upande wa kulia, A inaachwa peke yake bila kitu chini yake, na wale wengine wawili kila mmoja anabeba (x − 1) juu:

(3x² − x + 10) / ((x − 2)(x + 3)) = A + (x − 1) × [B/(x − 2) + C/(x + 3)]

Utazame mstari huu vizuri. Hakuna tena (x − 1) chini mahali popote. Ukiweka x kuwa 1 sasa, hakuna kinachogawanywa kwa sifuri. Badala yake, kile kifurushi cha B na C kinazidishwa kwa sifuri na kutoweka. Kulia inabaki A tu. Kushoto inabaki 12 gawa kwa −4. Kwa hiyo A ni −3, na hatukuhitaji kujua lolote kuhusu B wala C.

Mkaidi bado anaweza kusema: "Sawa, lakini ulipofuta (x − 1) juu na chini ulikuwa umeshakubali kwamba x si 1. Sasa unawezaje kurudi na kusema x ni 1?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo mhimili wa jambo lote. Ondoa kwanza mgawanyo wote, yaani zidisha pande zote kwa mabano yote matatu. Unabaki na polinomia kushoto na polinomia kulia:

3x² − x + 10 = A(x − 2)(x + 3) + B(x − 1)(x + 3) + C(x − 1)(x − 2)

Polinomia hizi mbili zinalingana kwa kila x isipokuwa pengine 1, 2 na −3. Lakini hakuna kati yao inayopita kipeo cha pili, na polinomia mbili za namna hiyo zikikutana mahali patatu tofauti tayari ni kitu kimoja. Zetu zinakutana mahali pasipo na idadi. Kwa hiyo zinalingana kila mahali, hata pale patatu tulipoparuka. Kuweka x kuwa 1 hapa ni halali kabisa. Weka, uone: B na C zinakufa, kushoto kuna 12, kulia kuna A mara −4. Ni hesabu ile ile ya kidole.

Kuna namna nyingine ya kuliona jambo hili, isiyohitaji uthibitisho ila kikokotoo. Sogea karibu sana na 1 bila kuifikia. Weka x kuwa 1.001. Sehemu nzima inatoa takribani −3003.5. Sasa uliza kila kijisehemu kimechangia kiasi gani. Cha kwanza, −3 gawa kwa 0.001, kimechangia −3000. Cha pili kimechangia kama −4, na cha tatu nusu tu. Ni sawa na kusimama karibu na spika za harusi: nyumba nyingine nazo zimewasha redio, lakini hapo ulipo husikii kingine. Ukienda 1.0001, kijisehemu cha kwanza kinapanda hadi −30,000 na wenzake wanabaki karibu pale pale walipokuwa. Kumbe A ni kipimo cha ukali wa mlipuko unaotokea x inapokaribia 1, B ni kipimo cha mlipuko wa 2, na C cha ule wa −3. Kila mmoja ana mahali pake pa kutawala, na ndiyo maana kila mmoja anaweza kupimwa bila kuwauliza wengine.

Katika vitabu vingi njia hii ina jina la Oliver Heaviside. Jina hilo halimtendei haki Leonhard Euler. Gottfried Leibniz na Johann Bernoulli walikwisha kuandika kuhusu kuvunja sehemu kuwa vijisehemu mwaka 1702, wakiwa na haja ile ile ya kutafuta intigrali. Kisha mwaka 1748 Euler alichapisha kule Lausanne kitabu chake cha Kilatini, Introductio in analysin infinitorum, na katika sura zake za mwanzo akaonyesha kwamba namba ya juu ya kila kijisehemu hupatikana kwa kuchukua sehemu bila kigawo kile na kuweka thamani inayokifanya kigawo hicho kuwa sifuri. Heaviside alizaliwa zaidi ya miaka 100 baadaye.

Lakini Heaviside naye hakupewa jina hilo bure. Alizaliwa London mwaka 1850, akaacha shule akiwa kijana, akafanya kazi ya telegrafu Denmark na Newcastle, na mwaka 1874 akaiacha ajira hiyo ili asome peke yake nyumbani. Wale wanaosikiliza redio za masafa mafupi wana deni kwake, maana mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa waliotabiri kwamba juu angani kuna tabaka linaloyarudisha chini mawimbi ya redio. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa nyaya: umeme unaingiaje kwenye waya mrefu, unapanda kwa kasi gani baada ya swichi kuwashwa, unatulia lini. Alibuni namna ya kuyageuza maswali hayo ya mabadiliko kuwa aljebra ya kawaida. Mtu anaandika mlinganyo wa saketi, anaufanyia aljebra, anapata sehemu yenye polinomia juu na chini, anaivunja, kisha anasoma jibu kutoka kwenye vijisehemu. Wanahisabati wa wakati wake hawakuridhika na uthibitisho wake; mwaka 1893 alichapisha sehemu mbili za makala yake kupitia Jumuiya ya Kifalme ya London, na sehemu ya tatu ikakataliwa. Wahandisi waliichukua njia yake hata hivyo. Waliohitaji kuvunja sehemu kila siku kazini ndio walioieneza hatua ya kufunika, na wao waliipata kwake.

Tufanye hesabu moja ya aina yake, kwa maandishi ya leo. Una betri ya volti 12, ukinzani wa omu 4 na koili ya henri 2, vyote vimeunganishwa kwa mfuatano pamoja na swichi. Unawasha. Koili haikubali mkondo uruke ghafla, kwa hiyo mkondo unaanza sifuri na kupanda. Unapandaje? Kwa njia ya Heaviside kasi ya mabadiliko inaandikwa kwa herufi, siku hizi s, na mkondo unakuwa:

12 / (s(2s + 4)), au tukigawa juu na chini kwa 2: 6 / (s(s + 2))

Funika s, weka s kuwa sifuri: 6 gawa kwa 2 ni 3. Funika (s + 2), weka s kuwa −2: 6 gawa kwa −2 ni −3. Basi mkondo ni:

3/s − 3/(s + 2)

Kanuni ya kusoma ni kwamba kijisehemu chenye s peke yake chini ni namba isiyobadilika na wakati, na kile chenye (s + 2) ni namba inayofifia kwa mwendo wa e^(−2t), t ikiwa sekunde tangu swichi iwashwe. Mkondo ni 3 − 3e^(−2t). Sekunde ya mwanzo kabisa ni 3 toa 3, yaani sifuri, kama tulivyotarajia. Baada ya sekunde moja umefika karibu ampea 2.6. Baada ya muda mrefu kipande cha pili kimekufa, zimebaki ampea 3, na 3 ndiyo volti 12 gawa kwa omu 4, kanuni ya Ohm tuliyofundishwa sekondari. Mtu aliyefunika s alikuwa anauliza saketi, bila kujua, itatulia wapi. Aliyefunika (s + 2) alikuwa anauliza ni kiasi gani cha mkondo kinachokosekana mwanzoni na kufidiwa polepole.

Njia hii ina mahali pa kuteleza, na mahali pa kwanza ni mabano ambayo x yake ina namba mbele. Chukua 1 / ((2n − 1)(2n + 1)). Mwenye haraka anaona "toa 1" na kuweka n kuwa 1. Hapana. Swali ni lile lile siku zote: ni namba gani inayoyafanya mabano kuwa sifuri? Kwa (2n − 1) ni nusu. Ukifunika mabano hayo na kuweka n kuwa nusu, kilichobaki ni 1 gawa kwa 2, yaani 1/2. Kwa (2n + 1) ni nusu hasi, na jibu ni −1/2. Hivyo sehemu yetu ni nusu ya tofauti kati ya 1/(2n − 1) na 1/(2n + 1).

Mfano huu nimeuchagua kwa sababu una zawadi ndani yake. Tuseme unataka jumla ya 1/(1×3) + 1/(3×5) + 1/(5×7) na kuendelea bila mwisho. Ukianza kujumlisha kwa mkono utapata 1/3, kisha 2/5, kisha 3/7, ukijiuliza inakwenda wapi. Sasa vunja kila moja. Ya kwanza ni nusu ya (1 − 1/3), ya pili nusu ya (1/3 − 1/5), ya tatu nusu ya (1/5 − 1/7). Theluthi inayotolewa kwenye ya kwanza inarudishwa kwenye ya pili, moja ya tano inayotolewa kwenye ya pili inarudishwa kwenye ya tatu, na kila kitu cha katikati kinafutika. Inabaki 1 ya mwanzoni, na kipande cha mwisho kinachozidi kuwa kidogo. Nusu ya 1 ni 1/2. Huko ndiko jumla inakokwenda.

Mahali pa pili ni pale kipeo cha juu kinapolingana na cha chini au kukizidi. Vitabu husema kwamba hapo njia haifanyi kazi. Hilo si kweli kabisa, na ukweli wenyewe ni mzuri kuliko onyo. Chukua x² / ((x − 1)(x − 2)). Ukifunika (x − 1) unapata 1 gawa kwa −1, yaani −1. Ukifunika (x − 2) unapata 4 gawa kwa 1, yaani 4. Jaribu kwa sifuri: sehemu ya mwanzo ni 0, vijisehemu vinatoa 1 − 2, yaani −1. Havilingani. Lakini −1 na 4 zote ni sahihi! Kilichokosekana ni kipande kizima, kile unachokipata ukigawa x² kwa polinomia ya chini kwa mgawanyo mrefu, nacho ni 1. Jibu kamili ni 1 − 1/(x − 1) + 4/(x − 2). Kidole hupima milipuko tu, na kipande kizima hakilipuki popote, kwa hiyo hakionekani kwa kidole. Mtu akikumbuka kugawa kwanza, au kuongeza kipande hicho baadaye, hajapoteza chochote.

Kuna jaribio jingine la haraka linalofaa kipeo cha juu kikiwa pungufu kwa moja tu kuliko cha chini, na mabano yote yana x isiyo na namba mbele yake: jumla ya namba zote ulizozipata lazima iwe namba iliyo mbele ya kipeo kikubwa cha juu. Kwenye mfano wetu wa kwanza −3 + 4 + 2 ni 3, na juu tulikuwa na 3x². Kipeo cha juu kikipungua kwa mbili au zaidi, jumla lazima iwe sifuri, kama 3 na −3 za saketi yetu. Jaribio hili huchukua sekunde mbili na hukamata makosa mengi ya alama.

Mahali pa tatu ndipo mpaka halisi ulipo. Njia inadai mabano yawe tofauti. Ni vizuri kuona kinachotokea yanapoanza kufanana. Tuseme sehemu ni 1 / ((x − 1)(x − 1.001)). Funika la kwanza, upate 1 gawa kwa −0.001, yaani −1000. Funika la pili, upate 1000. Namba kubwa kiasi hiki, kwa sehemu ambayo x ikiwa 3 thamani yake ni kama robo tu! Weka x kuwa 3 uone: kijisehemu cha kwanza ni −500, cha pili ni karibu 500.25, na robo tunayoitaka ni mabaki madogo baada ya majitu mawili kufutana. Mtu aliyekuwa anakadiria kwa tarakimu nne ataandika 500.0 na 500.3, kisha atatangaza 0.3. Aljebra haina kosa, lakini usahihi umeliwa kwenye kutoa. Ukiona namba zako za juu ni kubwa mno kuliko namba za swali, na alama zake zinapingana, angalia kama kuna mabano mawili yanayokaribiana.

Yakikaribiana zaidi, namba zinazidi kupanda, na yakilingana kabisa njia inakataa yenyewe. Katika (x + 5) / ((x − 1)²(x + 2)), funika (x − 1) moja na uweke 1: ile nyingine bado iko wazi, chini pana sifuri, hakuna jibu. Vijisehemu vya hapa ni vitatu: kimoja chenye (x − 1), kimoja chenye (x − 1)², na kimoja chenye (x + 2). Kidole bado kinatoa viwili kati ya hivyo. Funika (x − 1)² yote kwa pamoja, weka 1, upate 6 gawa kwa 3, yaani 2. Hiyo ni namba ya juu ya (x − 1)². Funika (x + 2), weka −2, upate 3 gawa kwa 9, yaani 1/3. Iliyobaki, ile ya (x − 1), haifikiki kwa kufunika, kwa sababu jirani yake wa kipeo cha pili analipuka kwa nguvu zaidi mahali pale pale na kuimeza. Lakini jaribio la jumla linaitoa. Kipeo cha juu hapa ni 1 na cha chini ni 3, pungufu kwa mbili, kwa hiyo namba za vijisehemu vya kipeo cha kwanza lazima zijumlishwe kuwa sifuri, na kile cha (x − 1)² hakihesabiwi humo. Mmoja ni 1/3, basi mwenzake ni −1/3. Weka x kuwa sifuri kuhakikisha: vijisehemu vinatoa 1/3, kisha 2, kisha 1/6, yaani 2.5, na sehemu ya mwanzo ni 5 gawa kwa 2.